Alama 72 za Kiswahili zimewaacha wangapi nyuma?

Tarehe 23 Novemba 2023, Waziri wa Elimu wa Kenya, Ezekiel Machogu, alitangaza matokeo ya KCPE ya mwisho. Mtihani huo wa darasa la nane ulikuwa umefanywa tangu mwaka 1985, na safari hii ya kuaga ulikuwa na watahiniwa 1,406,557. Chukua mtahiniwa mmoja wa mfano miongoni mwao, aliyepata alama 72 za Kiswahili. Nyumbani watasema amepata asilimia 72, na jirani atauliza mbona hazikufika themanini. Wote wawili watakuwa wameisoma ile karatasi ya matokeo kana kwamba 72 ni idadi ya maswali aliyopatia katika kila mia.

Haikuwa hivyo. Baada ya usahihishaji, baraza la mitihani la KNEC lilizisawazisha alama za kila somo ili wastani wake uwe 50 na mkengeuko sanifu uwe 15. Mkengeuko sanifu ni kipimo cha mtawanyiko: unaonyesha jinsi alama za watahiniwa zinavyozoea kukaa mbali na wastani. Somo likiwa gumu mwaka huu na rahisi mwaka ujao, wastani unabaki pale pale kwenye 50. Kwa hiyo 72 haisemi mtoto alipatia mangapi. Inasema amesimama wapi katika umati.

Kupajua mahali hapo kunahitaji hatua mbili, na ya kwanza ni hesabu ya shule ya msingi. Toa wastani kwenye alama, kisha gawa kwa mkengeuko: 72 kutoa 50 ni 22, na 22 kugawanya kwa 15 ni 1.47. Hii ndiyo alama z. Maana yake ni kwamba mtahiniwa yuko juu ya wastani kwa hatua moja na karibu nusu, kila hatua ikiwa na urefu wa alama 15. Aliyepata 38 angekuwa na z ya −0.80, yaani chini ya wastani kwa pungufu kidogo ya hatua moja.

Hatua ya pili ndiyo inayohitaji mkunjo wa kawaida, ule mchoro wenye umbo la kengele ambao Abraham de Moivre aliufikia mwaka 1733 akichunguza urushaji wa sarafu, na ambao baadaye ulibandikwa jina la Gauss. Mtu auwazie kama kilima cha mchanga ambamo kila chembe ni mtahiniwa. Wengi wamerundikana katikati, karibu na wastani, na kadiri unavyokwenda pembeni ndivyo mchanga unavyopungua. Simamisha ukuta kwenye z ya 1.47, kisha uliza: ni sehemu gani ya mchanga wote iliyoko kushoto kwa ukuta? Sehemu hiyo, ikiandikwa kwa mia, ndiyo pasentaili.

Eneo hilo halina fomula fupi ya kulikokotoa kwa kalamu, ndiyo maana vitabu vya takwimu huwa na jedwali nyuma. Shuka hadi mstari wa 1.4, kisha tembea kulia hadi safu ya 0.07. Utakuta 0.9292. Mwenye kompyuta ataandika hivi kwenye lahajedwali na kupata jibu lile lile:

```
=NORM.S.DIST(1.47,TRUE)
```

Basi mtoto wetu yuko kwenye pasentaili ya 93: kati ya kila watahiniwa mia, takribani 93 wako chini yake. Jirani anyamaze. Hata hivyo, katika umati wa watu milioni 1.4, ile asilimia saba iliyobaki mbele yake bado ni watoto wapatao 99,600, wanaotosha kujaza uwanja mkubwa wa mpira na wengine wakabaki nje.

Jedwali nalo lina mtego wake. Baadhi ya vitabu hupima eneo kuanzia katikati ya kilima badala ya kuanzia mwisho wa kushoto, na humo 1.47 itakupa 0.4292. Asiyejua atatangaza pasentaili ya 43. Dalili ya kosa ni rahisi kuiona: mtu aliye juu ya wastani hawezi kuwa chini ya pasentaili ya 50, hivyo ongeza 0.5. Kwa z hasi, soma namba bila alama ya kutoa, kisha ondoa jibu kwenye 1. Yule wa 38 anasoma 0.7881 kwenye mstari wa 0.80, anabaki na 0.2119, na pasentaili yake ni 21.

Umbo la kilima lina jambo jingine ambalo wazazi hulisahau. Kupanda kutoka 50 hadi alama 57.5 ni nusu ya hatua, na mtahiniwa huwapita watu wapatao 269,000, maana anapita katikati ya rundo. Kupanda kutoka 80 hadi 87.5 ni nusu hatua vilevile, lakini anaowapita ni 23,000 tu. Huko juu watu ni wachache.

Hayo yote yanasimama kwa sharti moja, kwamba alama zimepangika kama kengele kweli. Kusawazisha hakuleti umbo hilo. Kunahamisha kilima na kukitanua au kukibana tu, na kama kilikuwa na nundu mbili kitabaki nazo.

Jumla ya masomo matano inaonyesha mkunjo unavyoweza kupotosha. Wastani wa jumla ni 250. Mkengeuko wake hauwezi kuzidi 75, yaani mara tano ya 15, na ungefika hapo pale tu ambapo kila mtoto angepata alama ile ile katika masomo yote. Tukiuchukua huo wa 75, alama 400 inakuwa na z ya 2, na mkunjo unatabiri watahiniwa wapatao 32,000 kutoka hapo kwenda juu. Waliotangazwa walikuwa 8,525. Tuubane basi hadi 60: hapo juu panakaribiana na ukweli, lakini panaharibika kwingine. Kwa waliopata 300 na zaidi mkunjo sasa unatabiri kama 286,000, ilhali waliofika huko walikuwa 361,307. Hakuna mkengeuko mmoja unaotosheleza pande zote mbili, kwa sababu kilima halisi kina mabega mapana na miguu mifupi.

Mguu wa chini una sababu mtu anayoweza kuielewa bila hesabu nzito. Sehemu kubwa ya KCPE ilikuwa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na hata anayebahatisha kila swali hupatia karibu robo. Waliopata chini ya 100 kwa jumla walikuwa 2,060 peke yao.

Kwa hiyo mwenye alama 300, akitumia mkengeuko wa 60, atapata z ya 0.83 na kuambiwa yuko kwenye pasentaili ya 80. Ukichukua orodha ya waziri na kuhesabu walioko chini ya 300, unapata 74.