Jibu Likae Mstari wa Kwanza

Mgonjwa amepangiwa upasuaji, na ndugu zake wameambiwa watafute watu wa kuchangia damu. Mmoja wao anachukua simu na kuandika kwenye Google: kuchangia damu kilo ngapi. Unatokea ukurasa wa hospitali wenye kichwa kinachojulikana kwenye tovuti nyingi za taasisi, "Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara". Swali la kwanza linasema, "Je, ni vigezo gani vinavyozingatiwa katika zoezi la uchangiaji damu?" Jibu linaanza kwa kueleza jinsi hospitali ilivyojipanga kutoa huduma bora. Kilo zenyewe zimo aya ya nne, ila mtu huyu hafiki huko. Anarudi kwenye orodha ya matokeo na kubonyeza tovuti nyingine.

Mfano huu ni wa kubuni, ingawa kurasa za namna hiyo ni nyingi. Kuutengeneza ukurasa kama huo ni kazi ya sehemu mbili. Kwanza maandishi yaandikwe upya ili binadamu apate jibu, kisha ziwekwe alama zinazoiwezesha mashine kutambua kipi ni swali na kipi ni jibu. Anayeanza na alama kabla ya maandishi ataishia kuwa na ukurasa mbovu wenye msimbo sahihi.

Maandishi huanza na swali lenyewe. Mtu mwenye shida hatafuti "vigezo". Anachotaka kujua ni kilo ngapi, umri gani, baada ya muda gani. Kwa hiyo lile swali moja pana linavunjwa kuwa matatu au manne, na kila moja linaandikwa kwa maneno ambayo watu huyasema dirishani pa mapokezi. Muuguzi wa benki ya damu anayajua kuliko mtengeneza tovuti, maana huyajibu kila siku.

Kisha jibu. Sentensi ya kwanza ibebe kile kilichoulizwa, na maelezo yafuate baadaye kama yanahitajika. "Mtu anatakiwa awe na kilo ngapi ili achangie damu?" Jibu: "Mchangiaji damu anatakiwa awe na kilo 50 au zaidi. Atapimwa uzito kituoni kabla ya kutoa." Sentensi hizo mbili zinatosha. "Baada ya muda gani mtu anaweza kuchangia tena?" Jibu: "Mwanamume anaweza kuchangia damu tena baada ya miezi 3, na mwanamke baada ya miezi 4."

Kiswahili kina mitego yake hapa. Kitenzi chetu hujitosheleza bila jina, na hivyo mwandishi huandika "Inafanyika bure" akiamini msomaji ameliona swali lililo juu yake. Lakini jibu linaweza kuonyeshwa peke yake, mbali na mengine ya ukurasa, na msomaji akabaki akijiuliza ni nini hicho kinachofanyika. Dawa ni kutaja jina: "Kuchangia damu ni bure." Kwa sababu hiyohiyo, jibu lisiseme "kama tulivyoeleza hapo juu", kwa kuwa hapo juu huenda hapaonekani.

Mtego wa pili ni "ndiyo". Ukiuliza, "Je, mama anayenyonyesha haruhusiwi kuchangia damu?" na ukajibu "Ndiyo", Mswahili ataelewa kwamba umekubali: kweli, haruhusiwi. Msomaji mwenye haraka ataliona neno "ndiyo" tu na kudhani ameruhusiwa. Heri swali lisiwe la kukanusha: "Je, mama anayenyonyesha anaweza kuchangia damu?" Jibu: "Hapana, mama anayenyonyesha hachangii damu."

Maandishi yakishakaa sawa, zinafuata alama. Msamiati wake unatoka Schema.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 na Google, Microsoft na Yahoo ili tovuti zote zitumie majina yaleyale. Ukurasa wa maswali huitwa `FAQPage`, na ndani yake kila `Question` huwa na `acceptedAnswer` moja. Msimbo huu huwekwa ndani ya ukurasa, mahali ambapo mgeni hauoni:

```html
<script type="application/ld+json">
{
 "@context": "https://schema.org",
 "@type": "FAQPage",
 "mainEntity": [{
  "@type": "Question",
  "name": "Mtu anatakiwa awe na kilo ngapi ili achangie damu?",
  "acceptedAnswer": {
   "@type": "Answer",
   "text": "Mchangiaji damu anatakiwa awe na kilo 50 au zaidi. Atapimwa uzito kituoni kabla ya kutoa."
  }
 }]
}
</script>
```

Swali la pili huongezwa ndani ya mabano ya mraba, likitenganishwa na la kwanza kwa mkato. Baada ya swali la mwisho mkato hauwekwi. Ukibaki, msimbo wote hausomeki. Kosa jingine la kila siku hutokea pale maandishi yanaponakiliwa kutoka programu ya Word, ambayo hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa za kupinda. Mashine haizitambui zile za kupinda. Kibainishi cha ng'ombe au ng'ambo hakina madhara, lakini alama mbili za kunukuu zikiwa ndani ya jibu lazima zitanguliwe na mkwaju wa nyuma, `\"`.

Makosa hayo hukamatwa na chombo cha bure cha Google kiitwacho Rich Results Test. Unabandika anwani ya ukurasa au msimbo wenyewe, nacho kinakuonyesha mstari wenye kasoro.

Kuna kosa ambalo chombo hicho hakiwezi kukuonya. Google inataka swali na jibu lililomo kwenye msimbo liwemo pia kwenye ukurasa, mahali mgeni anapoweza kulisoma. Jibu linaloonekana baada ya kubonyeza swali linakubalika, ila lililofichwa kabisa halikubaliki. Hospitali ikibadilisha maelezo kwenye ukurasa na kuusahau msimbo, kutakuwa na majibu mawili yanayopingana, na mgonjwa anaweza kukutana na lile la zamani.

Je, kazi yote hiyo inaleta nini? Google ilianza kuonyesha maswali ya namna hii chini ya kiungo mwaka 2019, na mtafutaji aliweza kubonyeza swali na kusoma jibu palepale. Wauza bidhaa wakaona njia ya kuchukua nafasi kubwa zaidi kwenye kioo cha simu, hadi maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza yakazagaa. Mwaka 2021 yakapunguzwa hadi mawili kwa kila tokeo. Agosti 2023 Google ikatangaza kwamba yataonyeshwa kwa tovuti za serikali na za afya tu, tena zile zinazofahamika na kuaminika.

Kwa hiyo duka la viatu lililoweka `FAQPage` lisishangae chombo cha majaribio kikisema msimbo ni sahihi huku kwenye matokeo hakuna kinachoonekana. Usahihi wa msimbo hulipa tokeo sifa ya kufikiriwa, haulipi haki ya kuonyeshwa. Si lazima kuuondoa, kwani msimbo usiotumika haudhuru nafasi ya ukurasa.

Hospitali ya mfano wetu ni ya sekta iliyotajwa, lakini hata kwake hakuna ahadi. Ambacho imekwisha kukipata ni ukurasa ulioandikwa upya: ndugu wa mgonjwa akiufungua usiku kutoka wodini, kilo 50 zimo mstari wa kwanza.