Siri ya rinda linalokua pamoja na mimba

WANAWAKE wengi wajawazito mjini Nyeri, Karatina na Nanyuki hutatua tatizo la mavazi kwa njia moja: hununua rinda kubwa zaidi, aghalabu la mitumba, kisha wanasubiri tumbo lilijaze. Baada ya wiki chache rinda hilo huning'inia mabegani, mikono hufunika vidole, ilhali sehemu ya mbele imepanda hadi magotini na ya nyuma ingali karibu na vifundo vya miguu.

Kosa halimo katika ukubwa wa rinda, bali mahali ukubwa huo ulipowekwa. Nguo ya saizi kubwa imepanuliwa kila upande: mabegani, mgongoni, kwapani na kiunoni. Mimba haikui hivyo. Mabega hayabadiliki, na mgongo hubadilika kidogo sana. Matiti huongezeka na mbavu hupanuka kiasi, lakini sehemu kubwa ya ongezeko hutokea mbele, kati ya mshono mmoja wa ubavuni na mwingine.

Chukua mfano wa mwalimu anayefika kwa fundi wa nguo mjini Karatina akiwa na mimba ya miezi minne. Mzunguko wake kitovuni ni sentimita 88. Nyuma, kutoka ubavu hadi ubavu, ana sentimita 42, na mbele ana 46. Fundi akikadiria kwamba tumbo litaongezeka kwa sentimita 22 hadi kujifungua, kipimo cha mbele kitakuwa 68. Kile cha nyuma kitabaki karibu na 42. Hivyo basi, kipande cha nyuma hukatwa kwa kipimo cha leo, na nafasi yote ya ziada huwekwa mbele.

Njia rahisi ya kuiweka ni kulifanya rinda lipishane mbele, upande mmoja ukiulalia mwingine, kama leso inavyofungwa. Hapo fundi anapaswa kuanza hesabu kutoka mwisho. Katika mwezi wa tisa, pande hizo mbili bado zinahitaji kupishana kwa takriban sentimita 20, la sivyo rinda litafunguka mwalimu anapoketi, anapopanda bodaboda au upepo unapovuma. Ukijumlisha 68 na 20 unapata 88. Kila upande basi uwe na upana wa sentimita 44, mbali na kitambaa cha mishono. Leo pande hizo zitapishana kwa sentimita 42, karibu sehemu yote ya mbele. Huenda mteja akaona kitambaa kinaharibiwa bure, lakini hiyo ndiyo akiba atakayoitumia mwezi baada ya mwezi.

Mkanda wa kufungia huwekwa juu ya tumbo, chini kidogo ya matiti, kwa kuwa mzunguko wa hapo hubadilika kidogo kuliko wa kitovuni. Ukifungwa katikati ya tumbo, utateleza kila mwalimu atembeapo. Ncha zake zisiachwe ndefu: ncha inayopita goti inaweza kunaswa na gurudumu la pikipiki.

Upana pekee hautoshi. Wauguzi kliniki hupima kwa futi ya kitambaa kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba, na kuanzia wiki ya 20 hivi, idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya wiki za mimba. Tumbo linapanda huku likichomoza, na kitambaa kinacholizunguka hulazimika kusafiri mwendo mrefu zaidi kabla ya kufika magotini. Ndiyo sababu pindo la mbele hupanda.

Kwa rinda la mwalimu huyu, fundi anaweza kuongeza sentimita 7 za urefu mbele. Kuanzia mshono wa ubavuni, pindo huteremka polepole hadi lifikie sentimita hizo 7 katikati ya mwili, kisha hubaki hapo hadi ukingoni. Kwa sasa urefu huo hukunjwa kwa ndani na kushikizwa kwa mkono, kwa mishono mirefu isiyokazwa. Tumbo likianza kuliinua pindo, uzi huo hukatwa na kitambaa kushushwa. Mwalimu atajua wakati umefika akisimama kando ya kioo na kuona pindo la mbele liko juu kuliko la nyuma.

Kwa sketi au suruali, ambako kupishana hakufai sana, hutumika kipande cha kitambaa kinachonyumbuka. Sehemu ngumu ya mbele, pamoja na zipu, huondolewa kwa mkato uliopinda kama mwezi mchanga, na mahali pake hushonwa kitambaa cha aina ya fulana. Kabla ya kununua, kipimwe: weka alama mbili zilizoachana kwa sentimita 10, kisha vuta. Kikifika 15 bila shida na kurudi 10 kikiachiliwa, kinafaa. Kikibaki 12, kitalegea baada ya kufuliwa mara chache na sketi itaanza kushuka. Mnyumbuko wake uelekezwe kuzunguka mwili. Ukielekezwa juu na chini, kipande kitabana tumbo sawa na kitambaa cha kawaida.

Hapa ndipo mafundi wengi wa charahani za miguu hukwama. Mshono ulionyooka haunyumbuki, kwa hivyo uzi hukatika mara ya kwanza mvaaji anapoinama. Mashine ya ovaloki au mshono wa zigizaga huondoa tatizo hilo. Asiye navyo avute kitambaa kidogo anapokishona, kisha akijaribu kwa mikono: akisikia uzi ukialika, aufumue. Sindano nayo iwe ya ncha butu, kwani ile kali hutoboa nyuzi za fulana na kuacha vitundu vinavyopanuka.

Ukingo wa juu wa kipande hicho hushikiliwa na lastiki. Kinachofaa zaidi ni lastiki yenye matundu ya vifungo, kama ile ya suruali za watoto wa shule. Hupitishwa ndani ya mkanda, na kila ncha hufungwa kwenye kifungo kilichoshonwa ubavuni kwa ndani. Tumbo likikua, mvaaji huhamia tundu linalofuata bila kurudi kwa fundi. Lastiki ikiacha mfereji mwekundu ambao haujafutika muda mrefu baada ya nguo kuvuliwa, imekaza mno. Sketi ikihitaji kuvutwa juu kila mara, imelegea.

Urefu wa kipande hutegemea pia hali ya hewa. Kinachoishia chini ya tumbo hakileti joto, lakini huacha kiuno wazi shati linapopanda. Kwa anayetarajia kujifungua Agosti, baada ya baridi na ukungu wa Juni na Julai kuzunguka Mlima Kenya, kinachofika chini ya matiti humfaa zaidi.

Mbinu hizi zina kikomo. Makadirio ya sentimita 22 ni ya mwanamke huyu pekee: mwenye mimba ya pacha atahitaji zaidi, na mfupi wa kiwiliwili tumbo lake huchomoza mapema. Fundi mwangalifu humwita mteja katika mwezi wa sita na kupima upya kabla ya kukata kitambaa chochote cha ziada. Mtoto akizaliwa, rinda la kupishana haliwekwi sandukuni: mwalimu hulikaza tena hadi sentimita 42 za mwanzo, na sehemu yake ya kifua hufunguka kwa urahisi anaponyonyesha.