Kucha Inapozama Nyamani

Kijana anayecheza mpira kwa njumu za kubana hukata kucha ya kidole gumba cha mguu kwa kuizungusha pembeni. Wiki kadhaa baadaye ncha iliyobaki inachoma nyama, ukingo unavimba na kuwa mwekundu, na hata uzito wa shuka unamuumiza.

Katika hatua hiyo nyumbani panatosha. Aloweke mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 20, mara 3 kwa siku, aukaushe vizuri, kisha asukume nyama taratibu mbali na kucha. Avae ndala au viatu vipana. Kuchimba pembe kwa wembe, dawa ya vijiweni, huacha kijiba kingine ndani.

Usaha, maumivu ya kupwita, joto na wekundu unaosambaa ni dalili za maambukizi; aende zahanati. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo.

Antibayotiki peke yake mara nyingi haimalizi tatizo, kwa kuwa mwiba bado umo. Tatizo likijirudia, daktari hudunga ganzi kwenye shina la kidole, huondoa ukanda mwembamba wa kucha, na huweza kupaka fenoli kwenye mzizi wake ili ukanda huo usiote tena. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.