Tona ya usoni: Je, ngozi inaihitaji kweli?

Katika maduka ya vipodozi ya Kampala, Kigali na Bukavu, chupa za maji ya kupaka usoni baada ya kunawa, ambayo wauzaji huyaita tona, hupangwa rafu moja pamoja na sabuni na krimu. Mnunuzi huambiwa kwamba bila maji hayo uso haujakamilika kusafishwa. Hata hivyo, chupa mbili zenye jina hilo zaweza kufanya kazi zinazopingana kabisa: moja hukausha ngozi, nyingine huipa unyevu. Kwa ngozi nyeusi, kuzichanganya huacha madoa yasiyofutika upesi.

Tona ilianzia wapi?

Hapo awali tona ilikuwa na kazi inayoeleweka. Watu waliosafisha uso kwa krimu nzito walibakiwa na utando wa mafuta, na walihitaji maji makali ya kuuondoa. Walionawa kwa sabuni ya mche walikuwa na tatizo jingine. Uso wa ngozi yenye afya una asidi kidogo, wastani wa pH 5 hivi, ilhali sabuni ya mche kwa kawaida hufika pH 9 hadi 10. Baada ya kunawa ngozi hukakamaa, na tona yenye asidi kidogo ilisaidia kuirejesha katika hali yake.

Ngozi yenye afya huirejesha asidi hiyo yenyewe ndani ya saa chache. Isitoshe, sabuni nyingi za maji za uso zinazouzwa leo zimetengenezwa zikikaribia asidi ya ngozi, na huoshwa kwa maji zikaisha. Anayezitumia hana utando wa kuondoa wala asidi ya kurejesha. Kazi ya kwanza ya tona imekwisha, ingawa tangazo lake limebaki.

Aina tatu chini ya jina moja

Ya kwanza ni tona kali ya kukaza ngozi. Hii hutegemea alkoholi, au maji ya mmea wa hamamelisi ambayo mara nyingi huongezwa alkoholi. Mtu akiipaka husikia ubaridi na uso hukauka mara moja. Hisia hiyo hutokana na alkoholi kuvukizwa na mafuta ya juu kuondolewa. Tezi zinazotoa mafuta ziko ndani zaidi na huongozwa na homoni, hivyo huendelea na kazi yake kama kawaida. Vitundu vya ngozi navyo havina misuli ya kufunguka na kufungika. Huonekana vidogo kwa muda tu, kisha hurudi vilivyokuwa.

Ya pili ni tona ya kubandua. Ndani yake mna asidi inayolegeza seli zilizokufa. Asidi ya salisiliki, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 2, huyeyuka katika mafuta na hivyo huweza kuingia katika vitundu vilivyoziba. Ndiyo maana huwafaa wenye chunusi nyeusi na chunusi ndogo. Asidi ya glaikoliki hufanya kazi zaidi juu ya ngozi, lakini huongeza wepesi wa ngozi kuunguzwa na jua. Hii ndiyo tona pekee kati ya hizi tatu inayofanya jambo ambalo sabuni ya kawaida na losheni ya kawaida haziwezi.

Ya tatu ni tona ya unyevu, pamoja na ndugu yake aitwaye esensi, maji mazito kidogo yaliyopata umaarufu kutoka Japani na Korea. Zote mbili hutumia vitu vinavyovuta maji, hasa gliserini na asidi ya hailuroniki. Esensi nyingine huongezwa maji ya chachu. Hazidhuru kwa urahisi, na mwenye ngozi kavu huweza kuzifurahia. Lakini gliserini hiyohiyo imo katika losheni nyingi za uso. Na unyevu huo usipofunikwa kwa losheni au krimu, hukauka hewani.

Jinsi madhara yanavyoanza

Chukulia kijana wa miaka 22 mwenye uso wa mafuta na chunusi chache. Hunawa kwa sabuni ya mche asubuhi na jioni, kisha hujipangusa kwa pamba iliyolowa tona ya alkoholi. Pamba hutoka na rangi ya kahawia, naye huamini kwamba ameondoa uchafu; kumbe mara nyingi ni mabaki ya sabuni, mafuta na seli zilizokufa. Baada ya wiki kadhaa uso humwasha anapopaka hata losheni ya kawaida, na ngozi kando ya pua na mdomo huanza kubanduka. Anadhani tona inafanya kazi, hivyo anaongeza.

Mwasho huo ni dalili kwamba ukuta wa juu wa ngozi umechakaa. Katika ngozi nyeusi, mahali palipowaka huzalisha rangi kupita kiasi, na doa jeusi hubaki kwa wiki au miezi baada ya chunusi yenyewe kupona. Hapo kijana huyo hutafuta dawa ya kuondoa madoa, na hatari ya pili humngoja: baadhi ya vipodozi vya kung'arisha ngozi huuzwa kwa majina yanayofanana na tona. Vingine vina haidrokwinoni au zebaki, viambato ambavyo Rwanda ilianzisha msako dhidi yake madukani mwishoni mwa 2018. Chupa inayoahidi weupe si tona, hata ikiitwa hivyo.

Njia ya kujipima

Kijana huyo hahitaji chupa nyingine. Kwanza aache tona kabisa na abadilishe sabuni ya mche kwa sabuni ya maji isiyo kali. Kwa wiki mbili hadi nne atumie vitu vitatu tu: sabuni hiyo, losheni nyepesi isiyo na manukato, na krimu ya kukinga jua kila asubuhi, kwa kuwa jua huyatia madoa weusi zaidi. Mwasho ukiisha, amekwisha kumjua aliyeusababisha.

Ikiwa chunusi ndogo zimebaki, hapo tona ya salisiliki ina hoja. Aipake jioni mara mbili au tatu kwa wiki, bila kusugua, na kwa mwezi wa kwanza upande mmoja wa uso pekee. Pande zote mbili zikifanana mwishoni, pesa zake zina kazi nyingine. Upande uliopakwa ukiwaka au kubanduka, aache. Chunusi kubwa zenye maumivu ndani haziponywi na tona ya aina yoyote. Hizo ni za daktari wa ngozi.

Dukani, asome orodha ya viambato badala ya jina la mbele. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Alkoholi ikiwa miongoni mwa vitatu au vinne vya mwanzo, hiyo ni tona ya kukausha, hata kama chupa imechorwa ua la waridi. Gliserini ikitangulia, ni ya unyevu, na mwenye losheni nzuri nyumbani tayari anayo.

Kwa mwenye utaratibu mwepesi, basi, tona si hatua ya lazima. Ya kukaza haifai kwa wengi, ya unyevu ni hiari, na ya kubandua ni dawa ya tatizo maalumu, hutumiwa tatizo hilo likiwapo.