Kipeo Kinachosimulia Jinsi Feleji Inavyobadilika

Reli nyingi za treni hutengenezwa kwa feleji yenye kaboni ya asilimia 0.7 hadi 0.8 hivi. Feleji hiyo ikipashwa moto kupita nyuzi 727 za Selsiasi, atomi zake hujipanga katika muundo uitwao austenaiti. Ikishushwa haraka hadi nyuzi 650, kwa mfano, na kuachwa katika joto hilo, austenaiti huvunjika na kuwa pealiti, yaani tabaka nyembamba za chuma laini na za kabidi ngumu zinazopishana. Anayeitengeneza anataka kujua mambo mawili: baada ya muda gani nusu ya kipande itakuwa imebadilika, na mabadiliko hayo yanaendeleaje ndani ya chuma?

Pealiti haizuki kila mahali kwa mpigo mmoja. Huanza kwenye viini vidogo, kisha kila kiini hukua kuelekea pande zote. Ni kama matone ya mvua yanapoanza kudondoka kwenye ua mkavu: madoa huwa machache, yanaongezeka na kutanuka, halafu yanaanza kuingiliana. Doa likifika palipokwisha lowa, haliongezi kitu. Ndiyo maana grafu ya sehemu iliyobadilika dhidi ya muda ina umbo la S: hupanda polepole, kisha kwa kasi, kisha hulegea kwa sababu nafasi imekwisha.

Ugumu wa hesabu uko kwenye kuingiliana huko. Kati ya 1937 na 1941 Kolmogorov, Johnson na Mehl, pamoja na Avrami, kila upande kwa njia yake, walipata ufumbuzi. Kwanza chukulia kwamba viini vinakua bila kuzuiana, hata vikipenyana, na ujumlishe ujazo wao wote. Kisha kumbuka kwamba ukuaji una maana pale tu ambapo bado hapajabadilika. Matokeo yake ni haya:

X = 1 − exp(−k tⁿ)

X ni sehemu iliyobadilika, t ni muda, k hubeba kasi ya mabadiliko katika joto husika, na n ndicho kipeo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Vipande vya feleji vinazamishwa katika chumvi iliyoyeyuka, kisha kimoja kimoja kinatolewa na kupozwa ghafla katika maji. Sehemu isiyowahi kubadilika hugeuka martensaiti, hivyo hadubini huitofautisha na pealiti. Tuseme baada ya sekunde 10 X ni 0.20, na baada ya sekunde 20 ni 0.83. Tafuta ln(1/(1−X)) kwa kila kipimo: utapata 0.223 na takriban 1.77. Muda umezidishwa mara 2, na thamani hiyo imeongezeka karibu mara 8. Kwa kuwa 2³ ni 8, n ni karibu 3. Kutokana na hapo, nusu ya kipande hubadilika katika sekunde 14.6 hivi.

Je, 3 inasema nini? Yaweza kuwa viini vyote vilikuwapo tangu mwanzo, kisha vikakua kwa kasi isiyobadilika katika pande tatu: urefu, upana na kina. Lakini yaweza pia kuwa viini vipya viliendelea kuzaliwa kwa kasi ileile, huku kila kimoja kikitanuka kama sahani, katika pande mbili tu. Ukuaji wa pande tatu ukiambatana na viini vinavyozaliwa muda wote hutoa 4. Ukuaji unaotegemea atomi kusafiri kutoka mbali hupungua kasi kadiri muda unavyokwenda, na hutoa 1.5 au 2.5. Namba moja, basi, inaweza kubeba hadithi mbili, na hadubini pekee ndiyo inayoonyesha ipi ni ya kweli.

Kosa linalodanganya zaidi ni saa. Tuseme mpimaji aliianzisha sekunde 5 kabla mabadiliko hayajaanza, wakati kipande kilikuwa bado kinapoa. Vipimo vyetu vingeandikwa kuwa vya sekunde 15 na 25, na kipeo kingeruka kutoka 3 hadi karibu 4. Mtu angetangaza kwamba viini vinazaliwa muda wote, kumbe ni saa tu.

Kosa hilo huonekana ukiwa na vipimo zaidi ya viwili. Chora logi ya ln(1/(1−X)) dhidi ya logi ya muda. Sharti zikitimia, nukta hukaa kwenye mstari mnyoofu wenye mwinamo n. Saa ikianza mapema, mwanzo wa mstari huinuka kwa ukali kupita kiasi, kisha hulala. Mstari hupinda pia joto likiyumba, au viini vikirundikana kwenye mipaka ya chembe za chuma badala ya kutawanyika ovyo.

Kwa hiyo usiamini kipeo kilichotolewa kwa vipimo viwili. Pima mara nyingi, hakikisha mstari umenyooka, angalia chembe kwa hadubini, ndipo useme n ina maana gani.