Friji ya Mtumba: Omba Vipimo Kabla Haijapakiwa

Ukimuuliza muuzaji ukubwa wa friji, mara nyingi atakutajia lita. Lita hueleza nafasi ya chakula ndani, hazielezi kama friji itapita mlangoni. Barua ya mnunuzi iwe wazi hivi:

“Kaka, habari za kazi. Kabla hujaipakia, naomba uipime kwa futi, kwa sentimita: kimo, upana pamoja na bawaba, kina kuanzia kompresa ya nyuma hadi ncha ya mshikio, na kina hicho bila mlango. Nitumie na picha ya futi ikiwa juu ya friji. Mlango wangu una uwazi wa sentimita 68. Asante.”

Uwazi huo hupimwa mlango ukiwa umefunguliwa, kutoka kwenye ubao wake hadi fremu ya upande wa pili, kwa kuwa unene wa ubao hula nafasi.

Tuseme muuzaji anajibu: upana 70, kina 73, bila mlango 64. Ikiwa nzima, friji haipiti upande wowote. Mlango ukifunguliwa, itaingia kiubavu na kubakiza sentimita 4. Basi mkubaliane mapema nani atakuja na spana.

Jikoni, kina cha 73 ndicho cha kuhesabu. Ongeza takriban sentimita 5 nyuma ili joto litoke. Friji iliyobanwa ukutani hufanya kazi muda mrefu zaidi na kula umeme. Pima pia mlango wake unapofunguka: ukizuiwa na ukuta, droo za ndani hazitoki.