Maana imejificha jirani

Mwalimu wa darasa la tano anaandika ubaoni: “Mvua ilikatika mapema na ghala likabaki tupu. Mzee Shomari, aliyezoea kuwagawia majirani mahindi, sasa alikuwa hohehahe.” Kamusi zimefungwa.

Swali la kwanza ni jepesi: ghala lilikuwaje? Jibu limo kwenye kifungu, mwanafunzi analinyooshea kidole tu. La pili linadai zaidi: zamani Shomari aliwafanyia nini majirani, na neno “sasa” linaonyesha mabadiliko gani? La tatu ndilo linalouliza maana ya hohehahe, pamoja na dokezo lililomwongoza. Mwisho anatunga sentensi yake.

Wapo watakaojibu “mwenye huzuni”. Usiwalaumu, kifungu kinaruhusu. Kabla ya kukitumia, funika neno na umwombe mwenzako ajaze pengo. Akileta maneno mawili yenye maana tofauti, dokezo ni dhaifu. Hapa ongeza: “Hakuwa na hata senti ya kununulia chumvi.” Huzuni inatoka, ufukara unabaki.

Vifungu vingine havitoi dokezo lolote, hata visomwe mara ngapi. Hapo kamusi ifunguliwe.